Wimbo unatoka redioni na kujaza ukumbi mzima: sauti ya ndani ya hadithi, sauti ya nje, na mpaka wa katikati

BintiPangani

Habari za jioni wakuu. Nina filamu fupi ya dakika 14 tuliyoipigia Tanga, na imenikwamisha sehemu moja tu. Nitaeleza taratibu maana swali lina mizizi.

Mama yuko jikoni, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Dirishani kuna redio ndogo ya betri, inaimba taarabu. Wimbo ni wetu, tuliurekodi na bibi mmoja na mpiga kinanda. Simu inaita. Anaambiwa mwanawe hakurudi na ngalawa. Anabaki na simu sikioni, hasemi kitu. Hapo nilitaka wimbo ule ule utoke kwenye kile kiredio, ukue, ujaze ukumbi, kisha picha ikate kwenda msibani huku wimbo unaendelea.

Nilivyofundishwa mimi, sauti za filamu ni za namna mbili. Ipo ambayo watu wa ndani ya hadithi wanaisikia: mbuzi ikikwaruza kifuu, simu, redio. Na ipo tunayoisikia sisi watazamaji peke yetu, kama vinanda vya huzuni ambavyo hakuna mtu jikoni anayevipiga. Darasani waliziita dayajetiki na nondayajetiki, mimi nimezoea kusema ya ndani na ya nje. Kwa hiyo nilichotaka ni wimbo uanze ndani, uvuke, uwe wa nje.

Tumewaonyesha watu kama 20 hivi. Karibu nusu wakaniuliza swali moja: kwa nini mama ameongeza sauti ya redio wakati amepata msiba? Na wengine wamesema pale katikati sauti "imeharibika", kama mtu anaimba ndani ya bomba. Nimeumia, maana hicho ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Nimekosea wapi?

Kibatari

Dada, hili ni rahisi. Muziki ni wa nje, maneno na vishindo ni vya ndani. Na kitu kisipoonekana kwenye picha sauti yake ni ya nje. Wewe umeionyesha redio, ndiyo maana watu wamebaki na redio. Iondoe kwenye picha, umemaliza.

FundiMiksa

Kibatari, hapo umeshika upande mmoja tu ndugu yangu. Chukua adhana. Mtu amelala chumbani, alfajiri, dirisha limefungwa, na adhana inasikika kwa mbali. Msikiti hatuuoni wala hatutauona filamu nzima. Lakini yule mtu anaisikia, anaamka, anatafuta kandambili. Hiyo ni sauti ya ndani kabisa, na imetuambia saa bila mtu kuangalia saa. Chanzo kutoonekana ni jambo jingine kabisa na chanzo kutokuwepo katika ulimwengu wa hadithi.

Na maneno nayo yanaweza kuwa ya nje. Msimulizi anayeanza "Zamani hizo Pangani ilikuwa…" huku hakuna mtu yeyote kwenye picha anayemsikia, huyo yuko nje japo anasema maneno matupu bila muziki. Aina ya sauti haikusaidii kitu. Uliza swali moja: ni nani, ndani ya hadithi, angeweza kuisikia?

Kibatari

Sawa mkuu, la adhana limenikaa. Lakini bado nasema redio inamfunga. Watu wakishaiona wanaifuata kwa macho.

FundiMiksa

Hapo upo sahihi, na nitalirudia nikifika kwenye kosa lake. BintiPangani, hicho kipande ni cha sekunde ngapi? Na mkono wa mama uko wapi wimbo unapoanza kukua?

mgeni_12

Samahani naingilia. Mimi nilidhani sauti ya ndani ni ile ya moyoni, mtu anapowaza na sisi tunamsikia mawazo yake. Hiyo mnaiweka wapi? Anaisikia yeye, wenzake hawaisikii.

FundiMiksa

Hujaingilia. Umesoma neno kwa maana nyingine, lakini umetupeleka mahali pazuri. Iko ndani ya hadithi, ila ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Tazama Saving Private Ryan ya 1998, pale ufukweni Omaha. Kapteni anapigwa na mshindo, na ghafla dunia nzima inakuwa kama iko chini ya maji. Askari mbele yake anafumbua mdomo, anapiga kelele, hatusikii neno. Bunduki zinaendelea kulia pale ufukweni, wengine wote wanazisikia. Sisi tumeazimwa masikio ya mtu mmoja. Kisha kelele zinarudi kwa kishindo.

Nakutajia hiyo kwa sababu ndiyo daraja atakalolihitaji BintiPangani. Wimbo wake ukitoka redioni haurukii nje moja kwa moja. Unapita kichwani mwa yule mama kwanza.

Omondi_K

Mimi niko Kisumu, nahariri filamu za mashirika, lakini sauti ndiyo ugonjwa wangu. Naongeza kitu kuhusu sauti ya nje, kwa sababu watu huiona kama pambo. Kwenye Jaws, 1975, zile noti mbili za chini za John Williams zinamaanisha papa yupo. Unafundishwa hivyo tangu mwanzo. Halafu kuna siku pezi linaonekana majini, watu wanakimbia wakikanyagana, na muziki haupo. Kumbe ni watoto wawili na kipande cha boksi. Muziki haukukudanganya, ni macho yaliyokudanganya. Baadaye, ukishauamini, papa anatoka maji yakiwa kimya, yule polisi akiwa anarusha chambo, na unaruka kwenye kiti.

Yaani sauti ya nje ina ahadi kwa mtazamaji. Dada, wimbo wako ukivuka mpaka unaanza kuahidi kitu. Unaahidi nini?

BintiPangani

Omondi, sijawahi kuulizwa hivyo. Nadhani unaahidi kwamba kuanzia hapo tunasikia kile anachokisikia yeye, si kile kilichopo jikoni. Wimbo wenyewe ni wa mke anayemngoja mumewe kutoka safari. Kabla ya simu ni wimbo tu wa redioni. Baada ya simu ni wake.

FundiMiksa, kipande chote ni sekunde 130. Wimbo unaanza kukua sekunde ya 71, mama akiwa anaweka simu dirishani, karibu na redio.

FundiMiksa

Basi kosa la kwanza ni hilo. Mkono unakwenda dirishani, redio iko dirishani, sauti inapanda. Mtu yeyote mwenye akili timamu ataunganisha hivyo viwili. Watazamaji wako hawakukosea, wamesoma ulichokiandika. Picha ikitoa sababu ya ndani, sikio litaikubali hiyo hiyo hata kama moyo umekataa.

La pili ni namna ulivyoukuza. Nahisi ulipandisha mstari wa ujazo tu, sauti kutoka ndogo kwenda kubwa. Sivyo?

BintiPangani

Ndivyo. Nimepandisha kama dB 12 ndani ya sekunde mbili. Halafu nikaingiza wimbo safi wa studio juu yake.

FundiMiksa

Nilijua. Tukae hapa kidogo.

Redio ndogo haitambulikani kwa udogo wa sauti. Iweke sikioni, bado utajua ni redio ndogo. Inatambulika kwa vitu inavyovikosa. Spika ya upana wa vidole vinne haiwezi kutoa besi, na huko juu pia inachoka mapema. Inabaki ya katikati, ya puani kidogo. Pili, inatoka sehemu moja, haijaenea kushoto na kulia. Tatu, imechanganyika na chumba: ukuta wa jikoni, bati, sufuria. Ukiipandisha ujazo peke yake, vyote vitatu vinabaki, kwa hiyo umepata redio ile ile, kubwa zaidi. Mtazamaji anasema mama ameongeza sauti. Amesema kweli.

Kuvuka mpaka ni kuvirudisha vile vilivyokosekana, kimoja baada ya kingine, na ujazo uwe wa mwisho kuguswa.

Fundi wa sauti Walter Murch alifanya hivi kwa mkono kwenye American Graffiti ya 1973. Filamu ni ya usiku mmoja wa mwaka 1962, vijana wanazunguka na magari, na magari karibu yote yamefungua redio moja. Yeye na mwongozaji George Lucas walichukua kipindi kizima cha redio wakakipiga uani. Mmoja alishika spika, mwingine maikrofoni, umbali wa kama mita 15, na wote wawili wakawa wanageuka geuka ovyo ili sauti ije na kuondoka kama inavyofanya mtaani. Kisha kwenye miksi walikuwa na nakala za namna mbili za wimbo, ile kavu ya studio na ile iliyopigwa na hewa ya nje. Wakitaka wimbo uwe wa gari, walisogea kwenye ile ya uani. Wakitaka uwe muziki wa filamu, walisogea kwenye kavu. Mpaka ulikuwa kwenye vidole viwili vya mtu wa miksi.

BintiPangani

Sisi pia tulifanya hivyo bila kujua kuna mtu alishafanya! Tuliupiga wimbo kwenye redio yenyewe, jikoni kwenyewe, maiki ikiwa mita 2 hivi kutoka dirishani. Halafu nikaweka nakala ya studio chini yake kwenye taimlaini na kuzivusha taratibu. Ndipo ikatokea ile sauti ya bomba.

FundiMiksa

Vizuri, maana sasa kosa la tatu limejitaja lenyewe. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Mita 2 inachukua karibu milisekunde 6. Kwa hiyo nakala ya jikoni imechelewa milisekunde 6 nyuma ya ile ya studio. Moja ikiwa juu na nyingine chini kabisa, husikii kitu. Zikikaribiana ujazo, yaani katikati ya mvuko, mawimbi mengine yanajengana na mengine yanauana, na inatokea sauti yenye mashimo. Ndiyo bomba lako.

Namna ya kuhakikisha: simamisha pale katikati, sikiliza kwa mono. Kama bomba linaongezeka, ni hilo. Kisha ivute nakala ya jikoni ianze mapema zaidi, kidogo kidogo. Kwenye mradi wa 48 kHz, milisekunde 6 ni kama sampuli 288. Usitegemee hesabu, tafuta sehemu bibi anapotamka herufi kali, "k" au "t", ukuze mawimbi kwa macho, uzipange zile ncha zikae pamoja. Bomba litapungua sana.

Halitaisha. Jikoni kuna kuta, na kila ukuta umerudisha nakala yake kwa kuchelewa kwake. Na kama redio ililishwa na simu, mwendo unaweza kutofautiana kidogo, ukipanga mwanzo wa wimbo mwisho unakuwa umeteleza. Kwa hiyo panga pale pale kwenye mvuko, usipange mwanzo.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Nakala ya jikoni itumike mpaka simu inapoita. Mlio wa simu unafunika kila kitu kwa nusu sekunde, na chini ya mlio huo badilisha, uingie nakala ya studio uliyoivalisha ukwalaiza: kata chini ya 300 Hz, kata juu ya 4000 Hz, nyanyua kidogo penye 1500 Hz, iwe mono, na mwangwi mfupi wa chumba kidogo. Linganisha na ya jikoni mpaka usitofautishe. Kuanzia hapo unafanya kazi na nakala moja tu, hakuna cha kugombana nayo.

Kibatari

Hii ya kubadilisha chini ya mlio wa simu ni tamu. Mkuu endelea.

FundiMiksa

Sasa mvuko wenyewe. Usianze kwenye redio wala kwenye mkono. Anza kwenye mbuzi. BintiPangani, mama anaacha kukuna sekunde ya ngapi?

BintiPangani

Anaacha ya 58, anaposhika simu. Habari anaipata ya 66.

FundiMiksa

Kuanzia 66 usiongeze chochote. Punguza. Kuku wa nje, moto, mtoto wa jirani, vyote vishuke ndani ya sekunde tatu mpaka vikaribie kutoweka. Redio ibaki ilivyo, na hapo mtazamaji ataanza kuiona kubwa bila wewe kuigusa. Hiyo ndiyo sauti aliyoiulizia mgeni_12: tumeingia kichwani. Kisha kuanzia 69 fungua juu kwanza, ile 4000 Hz ipande polepole mpaka 16000, pumzi ya bibi isikike. Baada ya hapo fungua chini, besi ya kinanda iingie. Kuenea kushoto na kulia kuje mwisho, na sauti ya mwimbaji ibaki katikati pale pale, isiondoke. Yote yachukue sekunde nane au tisa. Ujazo ukihitaji, dB 3 au 4, si 12.

Na ule mkono unaoweka simu, kama una picha nyingine ambayo anaiacha mapajani, itumie hiyo.

BintiPangani

Ninayo. Anaishusha mapajani, na vidole vyake vina tui. Niliitupa kwa sababu ya fokasi. Naitafuta leo usiku.

Banda_la_Zamani

Mimi nimekulia kwenye mabanda ya video, Manzese, na kuna sauti hamjaitaja. DJ anayetafsiri. Sisi tulikuwa tunaangalia filamu za Kichina na Kizungu kwa sauti ya Lufufu, Mungu amrehemu, na ukiniuliza leo muziki wa zile filamu siukumbuki hata mmoja, namkumbuka yeye. Alikuwa anampa shujaa jina, anasema anachowaza, anamwonya adui. Hiyo ni ya ndani au ya nje?

Omondi_K

Ya nje. Mwigizaji hamsikii.

Banda_la_Zamani

Lakini msimulizi aliyewekwa na mwenye filamu naye hasikiki na waigizaji. Hawa wawili si kitu kimoja. Mmoja ni wa filamu, mwingine amekuja baadaye. Na kuna kitu cha mafundi nimekigundua kwa kuwasoma hapa: DJ akisema, sauti yote ya filamu inashushwa chini pamoja, bunduki, muziki na maongezi katika traki moja. Kwa hiyo sisi bandani huo mpaka mnaousema tulikuwa hatuusikii kabisa. Kila kitu kilikuwa nyuma ya DJ.

FundiMiksa

Hili ni kweli na sikuwahi kulifikiria. Sauti iliyoshushwa yote kwa pamoja inapoteza vyumba vyake. Sina pa kumweka DJ. Nje ya nje, labda.

Omondi_K

Nenda Uganda basi uone wakimrudisha ndani. Who Killed Captain Alex, ya Nabwana I.G.G. kule Wakaliga, 2010. VJ Emmie, ndiye DJ wao, anapiga kelele juu ya filamu nzima, anashangilia, anatania waigizaji, na toleo linalojulikana dunia nzima ndilo lenye sauti yake. Huwezi tena kumwita mgeni. Ameshakuwa mtu wa filamu.

Banda_la_Zamani

Basi na hilo liwe swali la wazi. Mimi sikubali kwamba Lufufu alikuwa nje ya hadithi. Kwetu hadithi ilikuwa ni yake.

Omondi_K

Narudi kwa dada. FundiMiksa, nina hoja dhidi yako. Unamwambia avushe wimbo kwa usafi mpaka mtazamaji asijue kafika lini upande wa pili. Lakini kuna mipaka mizuri zaidi isiyovukwa kabisa. The Godfather, 1972, kazi ya huyo huyo Murch. Mgahawa mdogo Bronx, Michael ameketi na Sollozzo, adui wa baba yake, na kapteni mmoja wa polisi. Bastola imefichwa chooni. Anaifuata, anarudi nayo, anaketi. Sollozzo anaongea Kitaliano, hakuna tafsiri chini ya picha, na kamera inabaki kwenye macho ya Michael. Hapo linaingia treni. Linakuja, linasaga reli, linapanda mpaka linameza maneno ya Sollozzo. Kisha risasi. Hakuna muziki hata kidogo mpaka bastola inapoanguka.

Treni hatulioni hata mara moja. Ni la ndani au la nje?

FundiMiksa

La ndani. Bronx ina reli za juu ya barabara, na treni limeshasikika kabla, Michael akiwa chooni. Murch alilipanda mapema ili sikio lilikubali.

Omondi_K

Limepandwa, ndiyo. Lakini sikiliza lile la pili. Ni kubwa kuliko treni lolote litakavyosikika ndani ya chumba chenye madirisha. Na watu mgahawani? Hakuna anayegeuza shingo. Sollozzo hapandishi hata sauti yake, na mtu yeyote anayeongea karibu na reli hupandisha. Linafanya kazi yote ambayo violini zingefanya, kwa mavazi ya treni.

FundiMiksa

Kama wakazi wa karibu na reli wameshalizoea hawatageuka.

Omondi_K

Kulizoea sawa. Lakini kutosikiana?

FundiMiksa

Hapo umenibana. Niseme hivi: kiliko chanzo chake ni ndani, inavyofanya kazi ni nje. Na sidhani inapaswa kuchaguliwa. Ukimlazimisha mtazamaji achague, unamnyang'anya ile hofu. Linganisha na Blazing Saddles, 1974. Sherifu amepanda farasi jangwani, muziki wa jazi unapiga, tunaamini ni wa nje, kamera inasogea na kumbe Count Basie na bendi yake nzima wako pale jangwani wanapiga. Watu wanacheka kwa sababu mpaka umebomolewa mchana kweupe. Treni la Bronx halichekeshi, kwa sababu hakuna aliyekuonyesha mpaka ulipo.

BintiPangani

Nimerudi. Nimefanya kama alivyosema FundiMiksa, picha ya simu mapajani nimeipata, ina fokasi mbaya sekunde moja tu mwanzoni. Nimewaonyesha wanne ambao hawajaiona. Hakuna aliyesema mama ameongeza redio. Bomba limekwisha. Mmoja amelia.

Lakini sasa nina shida ya pili. Wimbo unaendelea msibani, watu kwenye mikeka, halafu unaisha wenyewe taratibu, nimeufifisha. Na pale panalegea. Kila mtu ameniambia mwisho umepoa.

FundiMiksa

Picha imeruka saa kadhaa na wimbo haukukatika hata neno. Hilo peke yake limeshamwambia mtazamaji kwamba redio haihusiki tena, maana redio ya kweli isingesubiri. Umemtoa nje vizuri. Kufifisha ni kumwacha huko huko bila kumrudisha. Sina dawa ya haraka, niache nifikirie.

Mama Zuwena

Wanangu hamjambo. Mimi si mtu wa mitambo, mwanangu ndiye aliyenifungulia uzi huu kwa sababu ya Pangani. Nimesoma yote, mengine yamenipita. Nina swali moja. Hiyo redio nani aliizima?

Kwetu kukiwa na msiba redio huzimwa. Alipofariki marehemu mume wangu mimi sikujua kama redio inalia. Aliingia jirani, hajanipa hata pole, akapita moja kwa moja dirishani akaizima. Hapo ndipo nikasikia nyumba ilivyo kimya. Mpaka leo kitu ninachokikumbuka cha siku ile ni ule ukimya, si kilio. Huyo mama wa kwenye filamu redio yake imebaki inaimba mpaka msibani na hakuna jirani aliyeingia?

BintiPangani

Shikamoo mama. Pole sana. Nimesoma hii mara tatu.

FundiMiksa

Shikamoo mama. BintiPangani, dawa umepewa. Wimbo umejaa ukumbi, tuko msibani, tunaamini ni wa nje. Picha inarudi jikoni. Mkono wa jirani unazima redio, na wimbo wote, ule mkubwa wa ukumbi mzima, unakatika palepale. Sauti ya nje imezimwa na mkono wa ndani.

Kibatari

Mkuu, saa zimepita. Wimbo gani wa redio unaimba tangu simu mpaka watu wamekwisha kukaa mikekani? Mtazamaji atahesabu.

Omondi_K

Hatahesabu. Atahisi.

FundiMiksa

Kibatari ana hoja, usimpuuze. Kuna njia mbili. Ya kwanza, sekunde mbili kabla ya kuzimwa urudishe wimbo kwenye mwili wa redio: funga kushoto na kulia, funga chini, funga juu, kisha kizimwe. Sikio linarudi jikoni kwa miguu yake. Ya pili, usirudishe. Ukate ukiwa umejaa. Ya kwanza ni safi lakini inamtayarisha mtu, na alichosimulia Mama Zuwena hakikuwa na matayarisho.

Omondi_K

Ya pili. Bila kufikiria mara mbili.

Kibatari

Ya kwanza. Ya pili itaonekana faili limekatika. Ukumbini watu watageuka kumtazama mwenye projekta.

BintiPangani

Nimezijaribu zote mbili kwa haraka, na picha ya mkono nimeitengeneza leo na jirani yangu. Kibatari, ulilolisema limetokea: kwenye ile ya kukata, mtu mmoja kati ya watatu alidhani laptopu imezima. Wawili wengine walikaa kimya mpaka mwisho. Kwenye ile ya kurudi redioni wote watatu walielewa, na hakuna aliyesema lolote. Sijui nichague ipi.

FundiMiksa

Aliyedhani laptopu imezima, alisikia nini baada ya kukatika?

BintiPangani

Hakuna kitu. Niliacha kimya.

FundiMiksa

Kimya cha tupu kabisa ni cha mashine. Kimya cha jikoni kina kitu ndani yake. Ulirekodi jikoni pakiwa patupu, hakuna anayesema wala anayetembea?

BintiPangani

Sekunde 30 tu.

FundiMiksa

Zinatosha, zirudie. Ziweke chini ya kile kimya, zianze hata kabla wimbo haujakatika. Na ile redio, swichi yake ni ya kubonyeza au ya kuzungusha?

Mama Zuwena

Za zamani zilikuwa za kuzungusha, mwisho inasema "tik".

BintiPangani

Ni ya kuzungusha mama. Na inasema hivyo hivyo. Kesho asubuhi narudi na maiki kabla kuku hawajafunguliwa.